Dosari Inatoka Ndani ya Muundo: Kufupisha Sura ya Majaribio ya Kumbukumbu kwa Ajili ya Mtihani

Sura ya kumbukumbu katika kitabu cha utangulizi wa saikolojia huwa na majaribio mengi, na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani huyafupisha kwa namna ileile: anachora safu tatu, muundo, matokeo na dosari, kisha anaanza kujaza kutoka juu. Safu ya muundo inajaa. Safu ya matokeo inajaa. Akifika kwenye dosari mkono unakuwa mzito, na hapo ndipo yanapoingia maneno ambayo kila msahihishaji ameyasoma mara elfu: sampuli ilikuwa ndogo, washiriki walikuwa wanafunzi, jaribio lilifanyika maabara.

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika hivyo katika dondoo zangu zote kumi na moja. Mhadhiri alizipitia, akapigia mstari maneno "sampuli ndogo" chini ya jaribio la nne, akaandika pembeni: "Wangekuwa wangapi ndipo jibu libadilike?" Sikuwa na la kusema. Niliona kwamba safu yangu ya tatu haikuhusiana kabisa na safu ya kwanza. Ningeweza kuihamisha kutoka jaribio moja kwenda jingine na hakuna ambaye angegundua.

Tangu siku hiyo naiandika dosari kwa kanuni moja. Dosari ni sehemu ya muundo inayoacha mlango wazi, ili matokeo yaleyale yaweze kuelezwa kwa sababu nyingine. Kwa hiyo sentensi ya dosari lazima iseme mambo matatu yanayofuatana: ni kitu gani hasa katika muundo, kinaruhusu maelezo gani mengine, na ni tokeo lipi linalotikisika. Kikikosekana kimoja, hiyo bado si dosari, ni lawama tu.

Chukua jaribio la Lloyd na Margaret Peterson la mwaka 1959, ambalo halikosekani katika sura hii. Mshiriki alisikia konsonanti tatu zisizounda neno, kisha akapewa namba na kuanza kuhesabu kurudi nyuma kwa tatu tatu au nne nne. Akiambiwa 506, anasema 503, 500, 497, na kuendelea mpaka aashiriwe kusimama. Kazi ya kuhesabu ilikuwa kumzuia asizirudierudie zile herufi kichwani. Baada ya sekunde 3, 6, 9, 12, 15 au 18 aliulizwa herufi zilikuwa zipi. Kwa sekunde 3 washiriki walikumbuka kama asilimia 80, na kwa sekunde 18 walikumbuka chini ya asilimia 10. Tafsiri iliyoenea ni kwamba kitu kilichomo katika kumbukumbu ya muda mfupi hufifia ndani ya sekunde chache kisiporudiwa.

Washiriki walikuwa 24, kwa hiyo mwanafunzi mwenye haraka ataandika "sampuli ndogo". Lakini angalia muundo tena. Kila mshiriki alipimwa mara nane kwa kila muda kati ya ile sita, yaani raundi 48, na analinganishwa na nafsi yake. Kwa namna hiyo watu 24 wanatosha kabisa kuonyesha mteremko mkubwa kiasi kile. Udhaifu hauko kwenye idadi ya watu. Uko kwenye hizo raundi 48, ambazo ndizo zilizowafanya watu wachache watoshe. Mtu aliyekwisha kusikia makundi ishirini ya konsonanti, likija la ishirini na moja, anaweza kushindwa si kwa sababu limefifia bali kwa sababu limechanganyika na yale yaliyotangulia. Keppel na Underwood waliliangalia jambo hili mwaka 1962, wakatazama raundi ya kwanza peke yake, na katika raundi hiyo watu karibu hawakusahau chochote hata baada ya sekunde 18. Kusahau kulikuja raundi zilipoongezeka.

Dondoo yake basi inaweza kuwa fupi hivi:

> Peterson na Peterson, 1959. *Muundo:* wanafunzi 24. Konsonanti 3, kisha kuhesabu kurudi nyuma kwa sekunde 3 hadi 18. Raundi 48 kwa kila mtu. *Matokeo:* sekunde 3, kama 80%. Sekunde 18, chini ya 10%. Husomwa kama kufifia. *Dosari:* raundi 48 za vitu vya aina moja zinaruhusu za awali kuingilia za baadaye. Raundi ya kwanza peke yake (Keppel na Underwood, 1962) karibu haina kusahau. Kwa hiyo mteremko si ushahidi safi wa kufifia.

Ona jinsi "raundi 48" ilivyopata nafasi katika safu ya muundo. Haikuingia kwa kuwa kitabu kimeitaja. Imeingia kwa kuwa dosari inaihitaji. Ndiyo maana siku hizi naandika matokeo kwanza, dosari inafuata, na muundo unakuja mwisho. Ukianza na muundo utanakili ukurasa mzima, maana hujajua bado kipi ni cha lazima. Ukiwa na dosari mkononi, unachukua tu zile sehemu za muundo zinazoshikilia tokeo au kulitikisa, na zinazobaki unaziacha kitabuni.

Sasa tuingie kwenye jaribio ambalo wanafunzi wengi hulikosea wakati wa kulifupisha, nalo ni la Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974. Kosa linaanzia hapa: lile si jaribio moja. Ni mawili yaliyochapishwa pamoja, na la pili lilitengenezwa kwa sababu ya udhaifu wa la kwanza. Anayeyaunganisha kuwa dondoo moja anaitupa ile hoja inayoleta alama.

Katika la kwanza, wanafunzi 45 walionyeshwa filamu fupi saba za ajali za magari, kila moja ya sekunde 5 hadi 30. Baada ya kila filamu walijaza maswali, na moja kati ya hayo lilikuwa ndilo lenye uzito: magari yalikuwa yanakwenda kwa kasi gani yalipo... Hapo kitenzi kilibadilishwa kwa makundi matano ya watu tisa tisa. Kwa Kiswahili tunaweza kuvipanga vitenzi hivyo kutoka kizito hadi chepesi: yalipobamizana, yalipovaana, yalipokumbana, yalipogongana, yalipogusana. Waliopewa kitenzi kizito kuliko vyote walikadiria wastani wa kidogo juu ya maili 40 kwa saa, na wa kitenzi chepesi walikadiria karibu 32. Filamu zilikuwa zilezile, tofauti ni neno moja.

Hapo wengi huandika tokeo hivi: "Maswali ya kuelekeza hubadilisha kumbukumbu." Lakini muundo huu hauwezi kusema hivyo. Fikiria mtu aliyetazama filamu na hana uhakika kama ilikuwa 30 au 40. Akisikia "yalibamizana", anachagua 40. Akisikia "yaligusana", anachagua 30. Picha iliyo kichwani mwake inaweza kuwa haikuguswa kabisa, na kilichosogea ni jibu tu. Kwa kuwa jaribio la kwanza lilipima namba na si kitu kingine, haliwezi kutenganisha kumbukumbu iliyobadilika na jibu lililosukumwa. Hiyo ndiyo dosari yake kubwa, na Loftus na Palmer wenyewe waliiona.

Ndipo likaja la pili, lenye wanafunzi 150. Walitazama filamu isiyofika dakika moja, ambayo ajali yenyewe ndani yake ilichukua sekunde 4. Hamsini waliulizwa kuhusu kasi kwa "kubamizana", hamsini kwa "kugongana", na hamsini hawakuulizwa kasi kabisa. Hao wa mwisho ndio kundi la kulinganishia. Baada ya wiki moja walirudi. Hawakuonyeshwa filamu tena. Waliulizwa maswali kumi, na katikati ya hayo likafichwa moja: uliona kioo kilichovunjika? Katika filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Waliosema ndiyo walikuwa 16 katika kundi la kubamizana, 7 katika kundi la kugongana, na 6 katika kundi ambalo halikuulizwa kasi.

Hizo namba tatu ziandikwe zote. Ukiandika 16 na 7 tu, unapoteza kundi la tatu, ambalo kazi yake ni kuonyesha kwamba kuulizwa kuhusu kasi peke yake hakuongezi vioo: 7 na 6 ni karibu sawa. Kilicholeta tofauti ni kitenzi kizito. Tena kuna upande wa pili ambao vitabu vingi huupita haraka. Kati ya wale 50 wa kubamizana, 34 walisema hawakuona kioo. Neno liliwaelekeza baadhi, walio wengi halikuwaelekeza. Ukiandika "washiriki walikumbuka kioo ambacho hakikuwepo" bila idadi, umelikuza tokeo kupita kipimo chake, na swali la tathmini litakupata hapo hapo.

Unaweza kujua kama umeyachanganya majaribio haya mawili kwa kutafuta vitenzi vitano na kioo ndani ya sentensi moja. Vikikutana, kuna kosa. Vitenzi vitano ni vya watu 45, siku ileile, na kilichopimwa ni wastani wa kasi. Kioo ni cha watu 150, baada ya wiki, na kilichopimwa ni idadi ya waliosema ndiyo.

Ya sampuli ndogo tumekwisha kuiona. Tuzirudie sasa zile lawama mbili zilizobaki, pamoja na moja nyingine ya kawaida, maana hazifai kutupwa zote. Ya kwanza, "washiriki walikuwa wanafunzi". Hivi ilivyo haina maana, kwa sababu haisemi uanafunzi unaharibu nini. Ipe viungo vyake vitatu: wanafunzi wengi ni vijana wenye uzoefu mdogo wa kuendesha gari, kwa hiyo makadirio yao ya kasi ni ya kubahatisha zaidi, na anayebahatisha husogezwa na neno kwa urahisi kuliko mwenye uhakika. Sasa ni dosari, na unaona kwamba inapiga jaribio la kwanza, si lile la kioo.

Ushahidi wa hoja hii umo ndani ya makala yao wenyewe. Filamu nne kati ya zile saba zilikuwa za ajali zilizopangwa, kwa hiyo kasi halisi ilijulikana: moja maili 20 kwa saa, moja 30, mbili 40. Ile ya maili 20 ilikadiriwa kwa wastani karibu 38. Ile ya maili 30 ilikadiriwa karibu 36. Maana yake washiriki hawakuwa na uwezo mkubwa wa kupima kasi kwa macho tangu mwanzo, na neno lilikuta nafasi tupu ya kujaza. Mimi naona hiki ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote katika dondoo nzima, kwa sababu kinaibana dosari kwa namba za jaribio lenyewe.

Ya pili, "jaribio lilifanyika maabara". Hapa jiulize maabara iliondoa kitu gani. Iliondoa hofu, iliondoa mshtuko, na iliondoa matokeo ya jibu: hakuna aliyejua kwamba akikosea mtu atafungwa. Mtu anayetazama filamu darasani anaweza kulishika tukio kwa ulegevu kuliko aliyesimama kando ya barabara. Hilo likisemwa, unaweza kuleta uchunguzi wa Yuille na Cutshall wa mwaka 1986 nchini Kanada. Wao waliwahoji mashahidi 13 wa tukio la kweli la kupigana risasi, miezi minne hadi mitano baadaye, wakaingiza maswali ya kupotosha, na maswali hayo hayakuwapotosha sana. Kumbukumbu zao zilibaki sahihi kwa kiwango kikubwa. Lakini usiiache pale kama nyundo ya kuvunjia. Walioripoti kushtuka zaidi walikuwa wale waliokuwa karibu na tukio, na aliye karibu huona vizuri zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni mshtuko uliowalinda au ni umbali. Sentensi moja ya namna hiyo inamwonyesha msahihishaji kwamba unaupima ushahidi wa pande zote mbili kwa mizani moja.

Ya tatu ni kwamba washiriki huenda walikisia mtafiti anatafuta nini, wakampa. Kwa jaribio la kwanza hoja ina nguvu, maana swali la kasi lilikuja mara baada ya kila filamu. Kwa la pili imepungua nguvu: wiki imepita, na swali la kioo limefichwa kati ya mengine tisa. Ukiandika lawama hii bila kusema ni kwa jaribio lipi, unaonyesha hukusoma wiki ile iliwekwa kwa ajili gani.

Kutoka kurasa tatu za kitabu, ninachobaki nacho ni hiki:

> Loftus na Palmer, 1974 (la 1). *Muundo:* wanafunzi 45, filamu 7 za ajali. Swali la kasi lenye vitenzi 5, makundi ya watu 9. *Matokeo:* kitenzi kizito zaidi juu kidogo ya maili 40 kwa saa, chepesi zaidi karibu 32. *Dosari:* imepimwa namba tu, kwa hiyo huenda jibu lilisukumwa bila kumbukumbu kubadilika. Tena wapimaji dhaifu wa kasi (ajali ya 20 ilikadiriwa karibu 38) husogezwa kirahisi.
>
> Loftus na Palmer, 1974 (la 2). *Muundo:* wanafunzi 150, makundi 3 ya watu 50 (kubamizana, kugongana, bila swali la kasi). Baada ya wiki, swali la kioo likiwa limefichwa kati ya maswali 10. *Matokeo:* ndiyo 16, 7, 6. Lakini 34 wa kundi la kwanza walisema hapana. *Dosari:* filamu haina mshtuko wala matokeo kwa shahidi. Katika tukio la kweli (Yuille na Cutshall, 1986) upotoshaji ulishika kidogo, ingawa hapo mshtuko na ukaribu vilikwenda pamoja.

Dondoo ikiisha naijaribu hivi: nafunika muundo kwa kiganja, nasoma dosari peke yake, kisha najaribu kuusema muundo kwa sauti. Nikiweza kuukisia sehemu kubwa, dosari imeshika. Nikibaki natazama juu, nimeandika lawama ya jumla na inabidi nirudi kitabuni.

Kuna mtego mmoja ambao kiganja hakiutambui, nao ni dosari iliyokwisha kufungwa na watafiti wenyewe. Mfano wake mzuri ni jaribio la wapiga mbizi la Godden na Baddeley la mwaka 1975, lililofanyika Uskoti. Wapiga mbizi walijifunza orodha ya maneno 36, ama nchi kavu ama chini ya maji, kisha wakayakumbuka mahali palepale au mahali pengine. Waliojifunza na kukumbuka nchi kavu walipata wastani wa maneno 13.5, chini ya maji kwa chini ya maji, 11.4. Waliobadilishiwa mahali walipata 8.6 na 8.4.

Dosari inayokuja haraka akilini ni kwamba waliobadilishiwa mahali walisumbuliwa na shughuli ya kuingia majini au kutoka, na usumbufu huo ndio uliowasahaulisha. Ina viungo vyote vitatu. Imetoka ndani ya muundo. Kiganja kitaipitisha. Lakini Godden na Baddeley waliifikiria, wakafanya jaribio la pili: watu walijifunza nchi kavu na kukumbuka nchi kavu, ila kundi moja katikati liliingia majini, likaogelea na kupiga mbizi, kisha likatoka. Hawakuonyesha tofauti ya maana na waliobaki wamekaa. Ukiiandika ile dosari kama yako, unamwambia msahihishaji kwamba uliishia ukurasa wa kwanza.

Kinachosimama dhidi ya jaribio hili ni kingine, na kinatokana na namna walivyopima. Washiriki walitakiwa kuyatoa maneno kichwani bila msaada. Mwaka 1980 Godden na Baddeley walirudia wakiwaonyesha washiriki maneno na kuwauliza lipi lilikuwemo katika orodha. Mahali pakaacha kuleta tofauti. Neno likiwa tayari mbele ya macho, maji au nchi kavu havikuwa na cha kuongeza. Kwa hiyo katika safu ya muundo wa wapiga mbizi, maneno "kukumbuka bila kuonyeshwa" ni ya lazima, na kina cha maji unaweza kukiacha.